Ukoo wa Ngamiani: dirisha linatoka jasho

Mwanaisha: Shikamooni. Winnipeg leo hasi 18. Hita ilikuwa inamkausha mtoto pua, nikanunua mashine ya kuongeza unyevu. Pua afadhali, lakini kila asubuhi vioo vya dirisha vinachuruzika maji.

Shangazi Zuhura: Marahaba mwanangu. Dirisha linavuja hilo, mwite mwenye nyumba.

Bibi: Kama ana mafua mjukuu wangu, mfukizieni mkaratusi.

Mwanaisha: Hana mafua Bibi, ni hewa tu kavu.

Mjomba Sefu: Zuhura, kwa baridi hiyo nje hakuna maji ya kuvuja, yote barafu. Maji hayo yametoka kwenye hewa ya chumba. Gilasi ya maji baridi ukiiweka mezani hapa Tanga si inatoka jasho? Na haijatoboka. Mwana, kipima unyevu kinasoma ngapi?

Mwanaisha: 52.

Shangazi Zuhura: Basi pazuri. Nilisikia unyevu wa ndani uwe 30 mpaka 50.

Mjomba Sefu: Umesikia sawa, ila hiyo 50 si ya baridi kali. Nimefunga vyumba vya baridi vya samaki miaka mingi, jambo ni lile lile. Chumba cha nyuzi 21 chenye unyevu asilimia 50, hewa yake inaanza kuacha maji ikigusa kitu cha nyuzi 10, na kioo chako usiku kinashuka chini ya hapo. Ukiweka 35, mpaka kioo kifike nyuzi 5 hivi. Shusha 35 leo.

Hamisi: Mjomba, koti langu kabatini huku Raskazone limeota ukungu. Na mimi niweke 35?

Mjomba Sefu: Wewe una bahari mlangoni, mashine hiyo huihitaji. Sogeza kabati mbali na ukuta, hewa ipite.

*Siku mbili baadaye*

Mwanaisha: Sebuleni kukavu kabisa! Chumbani kwa mtoto kipima kinasoma 36, lakini kona ya chini ya kioo bado inalowa.

Mjomba Sefu: Mashine umeiweka wapi?

Mwanaisha: Chini ya dirisha. Na usiku nafunga pazia zito asipigwe baridi.

Mjomba Sefu: Hapo ndipo penyewe. Mvuke unapanda moja kwa moja kwenye kioo, na pazia linazuia joto la chumba lisikifikie. Ihamishie ukuta wa pili, pazia uliache wazi kidogo. Kikilowa tena, shusha 30. Maji yafute kila asubuhi.

Mwanaisha: Kwenye mpira wa dirisha nimeona vidoti vyeusi.

Mjomba Sefu: Huo ukungu umeshaanza. Sugua kwa maji ya sabuni, ukaushe vizuri. Usiuache mtoto alale nao.

Shangazi Zuhura: Na pua yake je, ikifika 30?

Mwanaisha: Hilo ndilo linalonitia wasiwasi, Shangazi. Nimeshaihamisha mashine, nimeiacha 35 kwanza. Kesho nikiamka naangalia kioo, kisha pua.