Mrejesho: koo la mama na ibuprofeni

Niliuliza: "Mama ana miaka 61, koo lamuuma hata mate hayamezeki. Ana vidonda vya tumbo na anameza losatani ya presha. Nimpe ibuprofeni?"

Asanteni, sikumpa. Mfamasia hapa Malindi alinieleza kuwa ibuprofeni na aspirini hupunguza kinga ya ukuta wa tumbo, kidonda kikaweza kuvuja damu. Tena ibuprofeni pamoja na losatani huweza kuumiza figo, hasa mgonjwa asipokunywa maji, na mama alikuwa hanywi.

Tukatumia parasetamoli ya miligramu 500: vidonge viwili kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa saa 24. Mama ana kilo 68 na ini lake ni zima. Mwembamba sana au mwenye ugonjwa wa ini hupunguziwa.

Nusura nikosee siku ya pili. Jirani alileta dawa ya mafua ya unga. Kusoma pakiti, nikakuta parasetamoli ndani. Nikairudisha.

Siku ya nne alikula wali. Kama angeshindwa kumeza maji au angepumua kwa shida, tungekimbilia hospitali.