Naomba ushauri: Mealy inanitolea mipigo ya uongo, nihamie Moore?

Habari zenu wakuu. Natengeneza sakiti ya kutambua mfuatano 101, na mifuatano inaruhusiwa kupishana. Nilichagua Mealy kwa sababu hali zinatosha tatu: S0 (hakuna kitu), S1 (imeona 1), S2 (imeona 10). Tokeo ni hili:

```
assign z = (hali == S2) & x;
```

Kwenye simulesheni kila kitu safi. Kwenye bodi, x inatoka kwenye kitufe, na hapo ndipo balaa. Mashine ikiwa S2, x ikicheza kidogo tu katikati ya mipigo miwili ya saa, z nayo inaruka papo hapo, halafu x inarudi 0 kabla ya ukingo wa saa. Kaunta inayopokea z kama saa yake inahesabu 101 ambayo haikuwahi kutokea.

Nimejaribu kuweka flip-flopu kwenye z. Mipigo ya uongo imeisha, ila jibu sasa linachelewa mpigo mmoja, sawasawa na Moore. Cha kuchekesha, sasa nina flip-flopu tatu, wakati Moore yenye hali nne (S3 ikiwa imeona 101) ingetosha na mbili.

Maswali yangu:
Je, nikiacha Mealy bila flip-flopu ya z, lakini x ipite kwanza kwenye flip-flopu mbili za kuioanisha na saa, z itakuwa salama kwa kaunta hiyo? Au kosa langu hasa ni kuitumia z kama saa?

Natanguliza shukrani.