Wakuu, wakulima 60,000 wa kahawa wanahitaji seva ngapi? Nipo Moshi, profoma inaisha Ijumaa

Kijana wa Kibosho
Habari za jioni wakuu. Natengeneza mfumo wa AMCOS, vile vyama vya ushirika vya wakulima, kwa upande wa kahawa. Mkulima akileta kahawa ya maganda, karani anapima, anaingiza kilo na kupiga picha ya mizani. Mkulima akifungua akaunti yake kwenye simu anaona kila alichopeleka. Wakulima ni 60,000. Nimepewa profoma ya seva 8 za kukodi kwa mwaka mzima, na silali. Zinatosha au niongeze? Naombeni hesabu.

Fundi Sakina
Gawa tu, kaka. Siku ina sekunde 86,400. Hata wote wakifungua mara moja kila siku, hupati hata ombi 1 kwa sekunde. Mzigo huo hata kompyuta ya zamani inabeba. Nane za nini?

Mama Kihamba
Wanangu, naomba kuuliza. Mfumo huu utatuambia malipo ya pili? Huku Rombo tunapeleka kahawa, mnada unapita, halafu habari za pesa tunazisikia kwa jirani.

Shangazi wa Njiro
Fundi, ukigawa kwa 86,400 unapata wastani, na seva haizidiwi na wastani, inazidiwa na ile saa moja mbaya. Kijana, 60,000 ni watu, bado hujataja kazi yenyewe. Mkulima mmoja huleta kahawa mara ngapi kwa msimu? Picha moja ina uzito gani? Na ni lini wengi wataingia kwa pamoja?

Kijana wa Kibosho
Shikamoo Shangazi. Ni kama mara 5, na siku za kupokea tuseme 90. Picha ni megabaiti 3. Kuingia kwa pamoja hakuna, kila mtu na muda wake.

Shangazi wa Njiro
Marahaba. Mara 5 kwa watu 60,000 ni mapokezi 300,000. Kwa siku 90 ni kama 3,300 kila siku. Makarani wakiyabana yote ndani ya saa 4, hilo ni pokezi moja kila sekunde 4 na ushee. Kwa upande huo Fundi yuko sawa kabisa.

Picha ndizo nzito. 300,000 mara megabaiti 3 ni gigabaiti 900 kwa msimu. Ukitunza misimu 3 na nakala ya akiba, zinafika terabaiti 5.4. Profoma yako inasema nini kuhusu diski?

Halafu hilo la kila mtu na muda wake sijaliamini. Malipo ya pili yakitoka mnawajulishaje?

Kijana wa Kibosho
Tunatuma meseji kwa wote pamoja, ina linki ya kufungua taarifa yake yenye picha. Mwenyekiti ndiye alitaka hivyo, kila mtu ajue kwa wakati mmoja ili pasiwe na maneno. Na picha lazima iwe kubwa, maana ugomvi wote uko kwenye mizani. Hilo siwezi kulibadilisha.

Shangazi wa Njiro
Basi hapo ndipo penye mfumo wako, mwanangu. Tuchukulie wote wanafungua ndani ya dakika 10. 60,000 kwa sekunde 600 ni kurasa 100 kila sekunde. Ukurasa ukileta picha moja tu kati ya zile 5, unasukuma megabaiti 300 kwa sekunde. Faili tunalipima kwa baiti lakini njia ya mtandao inauzwa kwa biti, kwa hiyo zidisha kwa 8: megabiti 2,400 kwa sekunde. Njia ya gigabiti 1 imezidiwa mara mbili na zaidi. Seva 8 zikikaa nyuma ya njia hiyo moja, hazitakuwa na cha kufanya.

Picha ya asili itunze kwa ajili ya ugomvi. Kwenye ukurasa weka ndogo ya kilobaiti 100, kubwa ifunguke kwa anayeibonyeza. Mzigo unashuka hadi megabiti 80 kwa sekunde. Ukurasa mmoja unachukua muda gani kwenye prosesa?

Kijana wa Kibosho
Milisekunde 50, nimepima kwenye laptopu yangu.

Shangazi wa Njiro
Kurasa 100 mara sekunde 0.05 ni viini 5 vya prosesa vikiwa kazini muda wote. Mashine moja ya viini 8 inabeba. Chukua 2, moja ikifa nyingine ibaki.

Katibu wa Kwaya
Mimi huwatumia washarika meseji za harambee. Haziendi zote kwa mpigo. Ninayemlipa anatoa 50 kwa sekunde, siku nyingine chini ya hapo. Kwa kasi hiyo 60,000 zinachukua dakika 20, kwa hiyo hata watu wote wakifungua papo hapo huwezi kuona kurasa 100. Mwaka jana mzee mmoja alipata yake baada ya ibada, akaninunia mwezi mzima. Mwenyekiti wako na hilo la wakati mmoja atasubiri sana.

Mwika Damu
Samahanini, AMCOS gani ina watu 60,000? Mimi ni mwanachama, kwetu hatujazi hata uwanja wa shule. Huyu kapewa swali la intavyuu, anatafuta wa kumfanyia.

Fundi Sakina
Hata mimi nilianza kunusa. Namba zote zimekaa vizuri mno.

Kijana wa Kibosho
Siyo intavyuu wala uongo. AMCOS niliyonayo sasa ina wanachama 1,100. 60,000 ni namba ya mwaka wa tatu, ndiyo iliyo kwenye andiko la mfadhili. Na nusu ya pesa ya seva nimeshalipa kama advansi. AMCOS nyingine zikija ghafla nitasimama wapi?

Mwika Damu
Pesa ya mfadhili ni ya mfadhili hata ikiwa mfukoni mwako, kijana. Ungetaja 1,100 tangu mwanzo.

Shangazi wa Njiro
Tumwache. Watu 1,100 ndani ya dakika 10 hawafiki kurasa 2 kwa sekunde. Seva za kukodi huongezwa zinapohitajika, ndiyo maana mkataba wa mwaka unanitisha kuliko idadi. Ila zile milisekunde 50, jedwali la mapokezi lilikuwa na safu ngapi ulipopima?

Kijana wa Kibosho
Kama 200.

Shangazi wa Njiro
Jaza 300,000 za kubuni, kisha upime tena:

```
ab -n 2000 -c 20 http://127.0.0.1:8080/taarifa/1043
```

Kijana wa Kibosho
`Requests per second` imetoka 9.4. Laptopu ina viini 4, nilitegemea karibu 80.

Shangazi wa Njiro
Inasoma jedwali zima kumtafutia mkulima mmoja safu zake 5. Weka faharasa, iende moja kwa moja kwenye safu zake:

```
CREATE INDEX mapokezi_mkulima ON mapokezi (mkulima_id);
```

Kijana wa Kibosho
Sasa inasoma 74.

Fundi Sakina
Kwa hiyo bila faharasa hiyo hata 5 za viini 8 zisingefikisha kurasa 100, na ukiwa nayo 2 zinatosha. Hapo nimejifunza.

Mama Kihamba
Mimi nina kitochi, linki haifunguki. Kwa nini kilo na shilingi zisiandikwe humo humo kwenye meseji?

Shangazi wa Njiro
Mama, ukiandika hivyo wengi hawatakuwa na haja ya kufungua ukurasa, na mzigo wa siku hiyo utakuwa mdogo kuliko hesabu yangu yote ya hapo juu. Ni kiasi gani, siwezi kukisia bila kujaribu kwa hao 1,100.

Kijana wa Kibosho
Mwenyekiti atasema bila picha hawataamini. Nitampelekea hivyo hivyo, kilo na shilingi ndani, linki chini yake. Kuhusu advansi, kuna aliyewahi kubadilisha seva 8 za mwaka kuwa 2 za mwezi kwa mwezi pamoja na diski, bila kupoteza alicholipa?