Sakafu ina mteremko: milango ya kabati ining'inie juu au itembee kwenye reli ya chini?

MamaSalha_Moro
Habari za jioni wapendwa. Chumbani kwangu kuna nafasi ya kabati la ukutani, kuta za tofali pembeni mbili na juu dari la jipsamu, hakuna lenta. Upana ni mita 2.40. Nataka milango miwili ya kuteleza, mmoja uwe na kioo kizima. Sakafu ni niru ya zamani. Fundi wa kwanza kaniambia kwa sakafu hii reli ya chini haifai kabisa, lazima milango ining'inie. Wa pili kasema kuning'iniza ndiyo hatari. Nimepima kwa mpira wa maji, upande wa kushoto sakafu iko chini kuliko kulia kwa milimita 18. Nimfuate nani?

KelvinKigamboni
Mfuate wa kwanza. Mlango ukining'inia, sakafu haikuhusu tena. Reli unaiweka juu, unaisawazisha kwa pima maji, basi. Mimi ofisini tunayo ya namna hiyo na inateleza vizuri sana, unaisukuma kwa kidole kimoja.

JumaPwani
Mama Salha, kwa sakafu mbovu mimi ningeweka milango ya bawaba tu. Bawaba zile za kurekebisha kwa bisibisi zinasamehe mengi. Pia niru ikipasuka unaweza kuibandika marumaru juu yake.

MamaSalha_Moro
Asante kaka Juma, ila kitanda kiko sentimita 50 kutoka kwenye kabati. Mlango wa bawaba hautafunguka hata nusu. Ni wa kuteleza au pazia.

SeremalaIlala
Dada, kabla hujaangalia sakafu angalia juu. Mteremko wa milimita 18 unatibika kwa reli zote mbili. Dari la jipsamu lisilo na kitu nyuma yake halitibiki kwa skrubu ndefu.

Tufanye hesabu ya uzito. Nafasi ya mita 2.40 kwa milango miwili inayopishana kidogo ina maana kila mlango una upana wa kama mita 1.22, na kimo tuseme 2.30. Hiyo ni mita za mraba 2.8. MDF ya milimita 18 ina takriban kilo 13 kwa mita ya mraba, kwa hiyo mlango mtupu ni kilo 37 hivi. Kioo cha milimita 4 kinaongeza kilo 10 kwa kila mita ya mraba, yaani kilo 28 nyingine. Mlango wako wa kioo utafika kilo 65, na yote miwili itapita kilo 100. Kwenye mfumo wa kuning'inia, uzito huo wote uko juu. Tena ukifungua kabati, milango yote miwili inakusanyika upande mmoja, na nusu ya reli ndiyo inabeba kila kitu.

Kaka Kelvin, ofisini kwenu nina hakika juu kuna zege au bomba la chuma. Hapa hakuna. Mama Salha akitaka kuning'iniza, itabidi boriti ya mbao ipite kutoka ukuta hadi ukuta, ikae juu ya vyuma vya pembe vilivyofungwa kwenye tofali, isitegemee dari hata kidogo. Mbao ya 2 kwa 6 isimamishwe kwa ubavu, inchi 6 ziwe kimo. Nimeona nyingi zimelazwa ili zifichike kwenye dari. Mbao ile ile ukiilaza inapinda mara 9 zaidi chini ya mzigo ule ule. Miezi michache baadaye milango inakwaruza sakafu katikati, na mwenye nyumba anadhani sakafu imeinuka.

KelvinKigamboni
Sawa, hiyo ya dari sikuitazama. Lakini boriti ikiwekwa vizuri bado juu ndiyo bora kwa mteremko, au siyo?

SeremalaIlala
Mlango utateleza sawasawa, ndiyo. Tatizo ni uwazi wa chini. Reli iko usawa, kwa hiyo ukingo wa chini wa mlango unasafiri kwa usawa. Lazima upite juu ya sehemu ya sakafu iliyo juu kuliko zote, tuseme kwa milimita 8. Basi kule kushoto utabaki uwazi wa milimita 26. Vumbi, mende na hata panya mdogo wanapita hapo. Na huwezi kuchonga mlango ufuate sakafu, maana ukiusukuma kuelekea kulia utagota.

Juu ya hapo, mlango unaoning'inia bado unahitaji kishikizo kidogo sakafuni pale milango inapopishana, la sivyo unayumba ukiugusa. Kwa hiyo si kweli kwamba sakafu haikuhusu tena.

BiMwana_Mombasa
Jameni hapo kwa kupinda nimewaelewa sana. Sisi tuko Mji wa Kale, nyumba ya mawe, na dari ni la boriti za mikoko. Sakafu ya ghorofani nayo imelala juu ya boriti, imebonyea katikati ya chumba. Fundi alitaka kufunga reli kwenye boriti zenyewe, mume wangu akakataa, maana boriti hakuna mbili zilizo sawa, na zinashuka pamoja na mzigo wa ghorofa ya juu. Tukaweka fremu kamili ya mbao, miguu miwili, kichwa na kizingiti, ikasimama yenyewe kama meza ndani ya chumba. Milango inatembea chini, juu inaongozwa tu. Nyumba ikishuka, fremu inashuka nzima nzima na milango haishiki.

SeremalaIlala
Bi Mwana, kwa nyumba ya boriti hilo ndilo suluhisho. Na kwa Mama Salha pia mimi naelekea huko huko, reli ya chini, ila kwanza nataka kujua jambo moja. Hiyo sakafu ina mteremko peke yake, au ina mabonde? Ni maradhi mawili tofauti. Chukua ubao ulionyooka wa mita 2, usimamishe kwa ubavu juu ya sakafu pale reli itakapopita, uangalie mwanga unapopenya chini yake.

TundaDodoma
Naingilia kidogo. Reli ya chini kwa mikoa yenye vumbi ni mateso. Yangu inajaa mchanga kila wiki, magurudumu yamekatika kingo. Na usiku mlango mmoja hujifungua wenyewe. Hiyo ya kujifungua inatokana na nini?

KelvinKigamboni
Hiyo ni rahisi, dada Tunda. Chini ya mlango kila gurudumu lina skrubu ya kupandisha na kushusha. Rekebisha hadi mlango ukae timazi. Na nadhani Mama Salha naye anaweza kumaliza mteremko wake hivyo hivyo bila kugusa sakafu.

SeremalaIlala
Hapo kaka una nusu ya jibu, na nusu hiyo ni sahihi. Kama mteremko ni mmoja mfululizo, ukipandisha gurudumu moja mlango utasimama timazi na utabaki timazi popote unapokwenda. Kwa Mama Salha, milimita 18 katika mita 2.40 ni kama 9 katika upana wa mlango mmoja, na magurudumu mengi yanaweza kupanda hivyo.

Lakini reli yenyewe bado imeinama. Mlango ukitembea kutoka kushoto hadi kulia unapanda milimita 9, kwa hiyo mfereji wa reli ya juu lazima uwe na kina cha kuupokea, la sivyo utabana upande mmoja au kuchomoka upande mwingine. Na mlango wa kilo 65 kwenye mteremko utataka kujiendea. Ukinunua magurudumu ya beringi nzuri ndiyo utajiendea zaidi. Dada Tunda, weka pima maji juu ya reli yako, wala si juu ya mlango. Utaona. Skrubu ile ni ya kumaliza tofauti ndogo ndogo baada ya reli kuwa usawa.

Kuhusu mchanga una haki. Reli ya chini yenye mgongo ulioinuka, gurudumu likiwa na mfereji, hukusanya mchanga kidogo kuliko reli ya shimo. Bado inataka kufagiliwa.

MamaSalha_Moro
Nimefanya na ubao. Mteremko uko mfululizo isipokuwa bonde moja, sentimita 80 kutoka kushoto, msumari wa milimita 4 unapita chini ya ubao.

SeremalaIlala
Vizuri sana. Bonde hilo ndilo lingekusumbua. Reli ya alumini ni nyembamba, ukiifunga moja kwa moja kwenye niru inazama bondeni, na kila mlango ukipita hapo unaruka na kugonga. Skrubu ya gurudumu haisaidii kwa sababu tatizo liko mahali pamoja tu.

Weka kizingiti cha mbao ngumu, mninga au mvule, kisiwe MDF, kwa kuwa ukideki maji yatakivimbisha. Kata ubao wa unene wa milimita 30 kwa upana wa reli zako. Ulaze pale pale, uinue kwa kabari kushoto hadi pima maji ikae sawa, kisha shika penseli juu ya kipande kidogo cha mbao chenye unene wa milimita 18 na ukiburute sakafuni kutoka mwisho hadi mwisho. Penseli itachora umbo la sakafu kwenye ubavu wa ubao, bonde likiwemo. Chora pande zote mbili, kata kwa mstari huo. Utabaki na kizingiti chenye milimita 30 kushoto na 12 kulia. Usikiache kiishie kwenye ncha nyembamba kwa sababu itapasuka skrubu ikiingia. Reli inakaa juu yake ikiwa usawa, na uwazi wa mende haupo.

MwashiTabora
Mimi kwa kazi ya namna hii nakwangua niru ile sehemu, natia ubao wa pembeni kama fomu, namwaga simenti na mchanga laini hadi usawa. Mbao inaliwa na mchwa, hasa ikigusa sakafu ya nyumba ya zamani.

SeremalaIlala
Mchwa ni kweli, ndiyo maana nasema mbao ngumu na ipakwe dawa chini kabla ya kufungwa. Simenti nyembamba ya milimita 12 juu ya niru laini mimi siiamini, inabanduka skrubu zikitobolewa.

MwashiTabora
Ukiikwangua niru hadi kwenye zege na kulowesha kwanza, haibanduki. Ila iachwe ikauke wiki nzima bila kutobolewa, na wengi hawana subira hiyo.

MamaSalha_Moro
Nitamwonyesha fundi wa pili maelezo ya kizingiti cha mbao, maana ndiye aliyesema reli ya chini. Kioo nakihamishia mlango wa ndani ili watoto wasikigonge. Swali la mwisho kwa Bi Mwana: hicho kizingiti cha sentimita 3 hakiwakwazi miguu?

BiMwana_Mombasa
Cha kwetu ni kirefu kuliko hicho, mwanangu, na kinakaa ndani ya mstari wa ukuta, hakitokezi chumbani. Ukiweka chako kirudi nyuma ya kingo za ukuta, mguu haufiki. Kinachosumbua ni kutoa sanduku zito la chini, lazima uliinue kwanza.

TundaDodoma
Nimepima reli yangu. Imeinama kwa milimita 6 upande ule mlango unakokimbilia. Fundi wangu anataka kuweka kizuizi cha mpira mwishoni badala ya kuifungua reli. Itatosha kweli?

SeremalaIlala
Mpira utaupunguzia kishindo tu, dada. Kama reli imefungwa kwa skrubu bila gundi, ifungueni mwinue upande huo. Kama imegundishwa, nitumie picha ya ile ncha ya chini kwanza.