Wamerudisha pesa yangu kwenye kadi ya marehemu!!

Mchungwa_Muheza: Lile duka la mtandaoni mnalijua, silitaji, wale ambao hata ukiota ndoto tangazo lao limo. Feni imefika Tanga imevunjika, wakakubali kurudisha 186,000. Nikawaandikia mapema kwamba akaunti ya ile kadi nimeshaifunga, pesa waniwekee kwenye akaunti mpya. Wakajibu: "Mpendwa mteja, pesa imerudi kwenye kadi yako. Angalia salio." Salio nikaliangalie wapi, makaburini? Kadi imekatwa kwa mkasi! Mpendwa mteja!

Pweza_Raskazone: Kumbe wewe ndiye mpendwa 😂 Tulia bwana, kadi ikiisha muda pesa inaingia tu, akaunti si ni ileile?

Bi_Karafuu: Hiyo ni kadi iliyoisha muda, Pweza. Mwenzio kafunga akaunti yenyewe. Marejesho hufuata namba ya kadi iliyolipa, sio ombi lako kwenye meseji. Yakifika benki ya zamani yakakosa pa kuingia, ama benki inayashikilia kwenye akaunti yake ya ndani, ama inayarudisha kwa benki ya duka. Kwa hiyo mwanangu, usibishane na duka, lidai ARN, ile namba ambayo benki hufuatilia nayo marejesho ya kadi, pamoja na tarehe na kiasi. Ukipata, nenda benki ya zamani na kitambulisho na tarakimu 4 za mwisho za kadi. Wakiikuta hiyo pesa, andika barua waihamishie akaunti yako mpya. Wakisema wameirudisha, usitoke bila maandishi. Duka halitalipa kwa njia nyingine bila hayo, linaogopa kulipa mara mbili.

Mchungwa_Muheza: Nimeomba ARN, wameleta kitu kinaanza na "ORD". Na "mpendwa mteja" juu yake!

Bi_Karafuu: Hiyo ni namba ya oda. ARN ni tarakimu tupu, 23. Wakikosa kabisa, huenda hawajatuma chochote, au malipo yalifutwa kabla hayajakamilika. Omba benki ya zamani taarifa ya akaunti, uone kama ile 186,000 ilikatwa kweli.

Shombo_Deep: Mbona mnajitesa, si aifungue tena akaunti?

Bi_Karafuu: Atapewa kadi yenye namba mpya. Pesa iliyotumwa kwa namba ya zamani haiijui.

Mchungwa_Muheza: "Angalia salio." Yaani ANGALIA SALIO.

Kibua_Mkavu: Feni hiyo mota nzima? Naichukua.

Dada_Ngamiani: Afadhali nyie. Mie nimekosea namba ya simu, 40,000 imeenda kwa mtu, nampigia ananiambia ahsante kwa zawadi.

Pweza_Raskazone: Usimbembeleze huyo, wapigie mtandao sasa hivi waizuie. Akishaitoa kwa wakala, basi tena.

Dada_Ngamiani: Nawapigia tangu saa ngapi, napigiwa muziki tu.

Shombo_Deep: Mtumie meseji: "Mpendwa mteja, rudisha."