Ushauri: pegi ya mwisho ya kona ya mpito inapitiliza ile ya mchoro kwa sentimita 14

Pegi_ya_Nala
Wakuu habari za kazi. Nina kona ya barabara huku Nala, nusu kipenyo mita 300, kona ya mpito mita 80 kila upande, mstari unageuka nyuzi 32. Mchoro unatoa TS, pale mpito unapoanzia, na SC, pale unapoishia, basi; pegi za katikati natakiwa nizikokotoe mwenyewe kila mita 20.

Nimetumia fomula ya y = l³/(6RL), na kwa x nimeweka urefu wenyewe. Mwisho wa mpito napata x = 80.000 na y = 3.556. SC ya mchoro, nikiigeuza kuwa umbali kwenye tanjenti kutoka TS, inatoa 79.858 na 3.551. Kwenye y tofauti haifiki milimita 5, ila kwenye x ni sentimita 14. Nimerudia mara tatu, majibu ni yale yale. Nani kakosea, mimi au mchoro?

Reli_Kati
Mchoro umefanyiwa mbwembwe, mkuu. Kwenye reli hiyo y = x³/(6RL) imetumika miaka na miaka na treni zinapita. Weka pegi zako, sentimita 14 mbele au nyuma kwenye mita 80 dereva hawezi kuzihisi.

Kizota_GPS
Hiyo ni skeli ya gridi. Dodoma tupo pembeni kabisa ya kanda ya 36 ya UTM, umbali wa koordineti na umbali wa ardhini haviwezi kulingana. Tafuta kizidisho kwanza, fomula utaangalia baadaye.

Mzee_wa_Theodolaiti
Pegi, mchoro uko sahihi. Hesabu yako imeishia njiani.

Kwenye mpito huu mkunjo unaanzia sifuri pale TS na kuongezeka sawasawa kwa kila mita mpaka ufike 1/300 pale SC. Mkunjo ukiongezeka hivyo, pembe ya uelekeo inakua kwa mraba wa urefu: θ = l²/(2RL), kwa radiani. Mwisho wa mpito wako ni 80/600, yaani 0.13333, sawa na nyuzi 7 na dakika 38. Ukiweka x = l unasema kwamba umetembea mita 80 juu ya tanjenti, wakati umetembea mita 80 juu ya mpito, ambao kila hatua unazidi kuiacha tanjenti. Kivuli chake kwenye tanjenti lazima kiwe kifupi. Kupata urefu wa kivuli hicho unajumlisha kosaini ya θ hatua kwa hatua, na kwa y unajumlisha saini. Jumla hiyo haina fomula fupi ya kuimaliza, ndiyo maana tunaikokotoa kwa mfululizo:

```
x = l - l^5/(40 C^2) + l^9/(3456 C^4) - ...
y = l^3/(6 C) - l^7/(336 C^3) + l^11/(42240 C^5) - ...
C = R*L
```

C yako ni 300 × 80 = 24000. Kwa l = 80, kipengele cha pili cha x ni 0.1422. Hizo ndizo sentimita 14 zako, wala hazitoki kwingine. Kipengele cha tatu ni milimita 0.1 tu. Kwenye y kipengele cha pili ni milimita 4.5, nayo ndiyo tofauti uliyoiona. Wewe ulichukua kipengele cha kwanza pande zote mbili.

Kizota, skeli ipo kweli, lakini haiingii hapa. Namba mbili anazolinganisha zote ni za karatasini, kutoka TS moja, na hakuna kilichopimwa ardhini bado. Tena skeli ingevuta x na y kwa uwiano mmoja. Hapa x imepungua kwa sehemu 18 katika 10,000 na y kwa sehemu 13.

Reli_Kati
Sasa mzee, unataka kusema reli zote zimepimwa vibaya?

Mzee_wa_Theodolaiti
Hapana, ndugu yangu. Fomula unayoisema ina x ndani yake, siyo l. Pegi kaingiza l, na hizo ni kona mbili tofauti. Ukiitumia ipasavyo, pale x = 79.858 inatoa y = 3.537, yaani milimita 14 pungufu ya mpito halisi. Kwa reli yenye nusu kipenyo kikubwa, mfano mita 2,000 na mpito wa mita 200, pungufu hiyo ni milimita 2, kwa hiyo ulichozoea kinafaa kabisa pale. Kosa linakua haraka kona inapobana. Na sentimita 14 dereva hazihisi, hilo nakubali. Ila duara linaanzia SC, na ukiwa na SC mbili kwenye kona moja, mwenye kufunga kingo za barabara atakuta mstari umevunjika.

Binti_Msalato
Samahani nadandia uzi. Mimi nina tatizo la kinyume: pegi ya mwisho inakaa sawasawa na mchoro, ila za katikati zinatoka nje ya kona. Natumia ile ya y = l(θ/3 − θ³/42) na x = l(1 − θ²/10). Kwa vipimo vya Pegi, pale mita 40 ningepata y ya 0.889. Jicho linaona kabisa siyo.

Mzee_wa_Theodolaiti
Dada, θ yako unaipata kwa l/(2R), sivyo? Hiyo ni kweli mwisho wa mpito peke yake, kwa sababu pale l = L. Katikati ni l²/(2RL). Pale mita 40 wewe unatumia 0.0667 badala ya 0.0333, ndiyo maana y inatoka maradufu: 0.889 badala ya 0.444. Pale mita 20 itakuwa mara nne. Kosa hili ni baya kwa sababu ukikagua SC peke yake hulioni. Kagua nusu ya urefu kila mara: pale y inatakiwa iwe karibu sana na moja ya nane ya y ya mwisho. Kwa kona hii 3.551 ukigawa kwa 8 ni 0.444.

Binti_Msalato
Ndivyo nilivyofanya, l/(2R). Nimeona. Asante sana mzee.

Pegi_ya_Nala
Shikamoo mzee, nimekuelewa. Nimeandika upya kwenye Eksel, B3 ni R mara L, na safu ya A ni urefu:

```
=A6-A6^5/(40*$B$3^2)+A6^9/(3456*$B$3^4)
=A6^3/(6*$B$3)-A6^7/(336*$B$3^3)+A6^11/(42240*$B$3^5)
```

Napata mita 20: 20.000 na 0.056. Mita 40: 39.996 na 0.444. Mita 60: 59.966 na 1.499. Mita 80: 79.858 na 3.551. Je, vipengele vitatu vinatosha kila mahali, au kuna kona vinashindwa?

Mzee_wa_Theodolaiti
Marahaba. Namba zako ni sahihi.

Alama zinapokezana, jumlisha, toa, na kila kipengele ni kidogo kuliko kilichotangulia. Kwa hiyo kosa lako haliwezi kuzidi kipengele cha kwanza ulichokiacha. Kikokotoe hicho pale mwisho wa mpito, kikiwa chini ya milimita 1, simama. Kwa kona yako hata viwili vinatosha. Chukua sasa kona iliyobana, nusu kipenyo 60 na mpito 60: θ ya mwisho ni 0.5, na kipengele cha tatu cha x kinafika milimita 17. Ukikiacha unakiona kwenye pegi. Cha nne kinashuka hadi milimita 0.1, basi vitatu vinatosha.

Wanaotumia muundo wa θ waangalie radiani. Ukiingiza nyuzi 7.639 badala ya 0.1333, x ya vipengele vitatu inatoka zaidi ya mita 870. Hiyo angalau inajitangaza yenyewe.

Pegi, kabla hujashika nyundo, kagua na urefu wa tanjenti. Duara limesogezwa ndani kidogo ili mpito upate nafasi: y − R(1 − cos θ) = 0.888. Na x − R sin θ = 39.976, siyo 40 kamili kama wengi wanavyoandika. Kutoka makutano ya tanjenti hadi TS ni 300.888 × tan 16° + 39.976 = 126.255. Ukisahau ile 0.888, TS yako itasogea sentimita 25 na hesabu nyingine zote zitaonekana safi.

Pegi_ya_Nala
Tanjenti imekubali, 126.255 kwenye mchoro pia. Ila kuna kingine kimejitokeza leo. TS na SC ziliwekwa na timu ya mhandisi mshauri kwa GPS. Nimesimamisha mashine TS nikapima moja kwa moja hadi SC. Kwa hesabu natarajia 79.937. Napata 79.893, mara mbili, prizimu imesimama wima.

Kizota_GPS
Sasa hiyo ndiyo skeli niliyosema.

Mzee_wa_Theodolaiti
Hapo Kizota yuko sahihi kabisa. Meridiani ya kati ya kanda ya 36 ni nyuzi 33 mashariki, na Dodoma ipo karibu na 35 na dakika 45. Ukiwa mbali hivyo gridi inarefusha umbali kwa kama 1.0007. Kimo cha mita 1,100 na kitu kinarudisha kiasi, takriban 0.00018. Inabaki kama 1.00055, na kwa mita 80 ni milimita 44. Ndizo hizo zako.

Hakikisha kwa nguzo mbili za udhibiti zilizo mbali. Kwa mita 500, umbali wa koordineti ukizidi wa ardhini kwa sentimita 27 au 28, mradi wote uko kwenye gridi. Basi weka kizidisho kwenye mashine, au gawa kila x na y kwa 1.00055 kabla ya kupima kutoka TS. Usichanganye, pegi nyingine kwa GPS na nyingine kwa mashine isiyo na kizidisho.

Reli_Kati
Kwa hiyo kona ya mita 300 ardhini ni mita ngapi?

Mzee_wa_Theodolaiti
299.84 hivi. Umbo ni lile lile, limepungua kidogo kila upande. Gari halidhuriki.

Kizota_GPS
Mimi ningehamisha mradi wote kwenye koordineti za ardhini toka mwanzo, namba za mchoro zikawa ndizo za futi kamba.

Mzee_wa_Theodolaiti
Kwa eneo dogo sawa. Kwa barabara ndefu inayoelekea mashariki na kuvuka nyuzi 36, ambako kanda inabadilika kuwa ya 37, mimi nisingeshauri. Hapo tunaweza kubishana mpaka kesho.

Pegi_ya_Nala
Nguzo mbili zipo, kati yake ni kama mita 640. Napima kesho asubuhi kabla jua halijatikisa hewa, nitaleta namba hapa.