Ubao wa magoli: 1 imegeuka 7 iliyokatwa mguu, wakuu nisaidieni

Kijana wa Solda: Wakuu habari. Nimeunda ubao wa magoli wa uwanja wetu wa mtaani, tarakimu nne, kila moja na chipu yake ya 74HC595. Vijiti ni taa za ukanda za 12 V kupitia ULN2803. Nyaya tatu tu zinaingia: data, kloki na lachi. Mezani ulifanya kazi wiki nzima. Sasa 1 ya mwisho inawasha kijiti cha juu kabisa na cha juu kulia. Fainali Jumamosi. Nibadilishe chipu ya mwisho?

Mama Vifaranga: Umeweka kapasita za 100 nF? Mimi nilizipuuza, mashine yangu ya kuangulia ikawa inajizimia usiku. Trei nzima ya mayai ikaoza.

Dogo Janja: Punguza kasi tu.

Kijana wa Solda: Kapasita zipo. Kasi nimepunguza, bado.

Mzee Osiloskopu: Chipu ya mwisho iache. Biti zinaingia kwa foleni, kila mpigo wa kloki unaisukuma foleni nzima hatua moja, kisha lachi inazitoa zote 32 kwa mkupuo. Uliyotuma kwanza ndiyo inafika mbali zaidi. 1 ni vijiti b na c; kwako vimewaka a na b, hatua moja pungufu. Kuna mpigo umemezwa. Tangu mezani umebadilisha nini?

Kijana wa Solda: Hakuna kikubwa.

Mzee Osiloskopu: Na kidogo?

Kijana wa Solda: Nilitoa Arduino Uno nikaweka ESP32, niongoze kwa simu. Inatoa 3.3 V, lakini inatosha, nilijaribu na taa ikawaka.

Mzee Osiloskopu: Taa haina masharti. HC ukiilisha 5 V inadai 3.5 V ndipo ihesabu mpigo. Kwa 3.3 mara inausikia, mara unaipita, hata uende polepole vipi. Chukua 74HCT595, hiyo inaridhika na 2 V.

Kijana wa Solda: HC nimenunua 20 mzee wangu, na laini ya 5 V nimeshaichomelea.

Mzee Osiloskopu: Basi hamishia pini 16 kwenye 3.3 V, na pini 10 iifuate, usiiache kwenye 5. ULN2803 itawaka vizuri tu.

Shushushu: Jamani, kuzeni picha yake. Chipu imeandikwa 74HC165! Hiyo haiwashi taa. Kazi ya chuo hii, fainali hakuna.

Kijana wa Solda: Hiyo ni ya vitufe vya meza ya waamuzi. Inavikamata vinane kwa pamoja, inavitoa kimojakimoja kwa waya mmoja. 595 ziko nyuma.

Shushushu: Geuza ubao basi.

Dogo Janja: Mimi nauliza timu yake ipi, nijue kama nimsaidie.

Kijana wa Solda: Nimehamisha tatu. Ya nne njia ya shaba imebanduka, naunga kwa waya. Picha baadaye, mikono ina solda.